Maji Kwanza, Mengine ni ya Kuyaficha: Namna ya Kupima Maziwa ya Mchuuzi

Dumu la lita 20 linalofungwa nyuma ya pikipiki alfajiri, kutoka Chanika au Kibaha kwenda mitaa ya Dar es Salaam, hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumiminwa kwenye sufuria yako. Yupo aliyekama, yupo aliyekusanya kwa wafugaji watatu wanne, yupo aliyesafirisha, na yupo anayekupimia kwa kopo mlangoni. Wengi wao wanauza maziwa kama yalivyotoka kwa ng'ombe. Lakini anayetaka kuchakachua ana nafasi ya kufanya hivyo mahali popote kwenye mlolongo huo, na mara nyingi anayekuuzia hajui kilichotendeka nyuma yake.

Uchakachuaji wa maziwa una mantiki yake, na ukiielewa utajua upime nini na kwa mpangilio gani. Kinachoanza karibu kila mara ni maji, maana hayo ndiyo yanayoleta faida. Maji yakizidi, maziwa huwa mepesi na mnunuzi hushtuka, kwa hiyo huongezwa unga kidogo ili yarudi kuwa mazito. Maji yenyewe yakiwa ya kisima au ya ndoo chafu, huingiza vijidudu, na maziwa huchacha kabla ya saa sita mchana. Hapo ndipo hutafutwa magadi soda ya kupunguza uchachu, au kemikali ya kuua vijidudu. Unga na dawa, basi, mara nyingi ni vifuniko vya maji. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi: kifuniko kinawekwa ili kukidanganya kipimo cha kwanza.

Kupima maji

Kwanza tuondoe njia ambayo watu wengi huitegemea. Unadondosha tone la maziwa kwenye sahani iliyoinamishwa. Likiteremka polepole na kuacha alama nyeupe nyuma yake, unaambiwa ni safi, na likikimbia bila kuacha alama, yana maji. Njia hii hunasa maziwa yaliyotiwa maji mengi mno. Maji kidogo huyapita, na kijiko cha unga uliopikwa hukidanganya kabisa, kwa kuwa jicho linaona uzito wa uji na kudhani ni uzito wa maziwa. Itumie kama dokezo tu.

Kifaa kinachofaa ni laktomita, kile kijiti cha kioo chenye tumbo na risasi chini ambacho vituo vya kukusanyia maziwa hutumia kila siku. Kinauzwa kwenye maduka ya pembejeo za mifugo na ya vifaa vya maabara, na majirani wachache wanaweza kuchangia kimoja. Kinavyofanya kazi ni rahisi. Lita moja ya maji ina gramu 1,000. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe huwa na gramu kati ya 1,026 na 1,032 hivi, kwa sababu ndani yake mna sukari ya maziwa, protini na chumvichumvi. Laktomita husoma ile ziada tu: maziwa halisi hukaa kati ya 26 na 32, na maji matupu ni 0. Kadiri maji yanavyoongezwa, kijiti huzama zaidi na namba hushuka.

Koroga maziwa taratibu ili malai yachanganyike, bila kutoa povu. Yamimine kwenye chombo kirefu kinachopenya mwanga. Chupa ya maji iliyokatwa shingo inafaa, alimradi kijiti kielee bila kugusa chini wala pembeni. Kiachie polepole, subiri kitulie, kisha soma namba iliyo sawa na uso wa maziwa. Halafu pima joto la maziwa hayo hayo, kwani maziwa ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Laktomita nyingi zimetengenezwa kusoma kwa nyuzi joto 20, na kiwango hicho huandikwa kwenye kijiti chenyewe. Kwa kila nyuzi moja iliyozidi 20, ongeza 0.2 kwenye namba uliyoisoma. Kwa kila nyuzi iliyopungua, toa 0.2.

Tuchukue mfano. Umenunua maziwa Dar es Salaam, joto lake ni nyuzi 28, na laktomita inasoma 24. Joto limezidi kwa nyuzi 8, na 8 mara 0.2 ni 1.6. Namba sahihi ni 25.6, ambayo iko chini ya 26. Ikiwa unajua kwamba maziwa ya mfugaji huyo, yakiwa safi, husoma 30, unaweza hata kukadiria maji yaliyoongezwa. Pengo ni 4.4; gawanya kwa 30, unapata karibu asilimia 15. Katika dumu la lita 20, hizo ni lita 3 za maji. Lita ikiuzwa shilingi 2,000, wanunuzi wa dumu hilo wamelipa shilingi 6,000 kwa maji.

Mfano huo huo unaonyesha udhaifu wa kipimo. Maziwa ya 30 yakitiwa maji asilimia 10 hushuka hadi 27, na 27 bado iko ndani ya kiwango kinachokubalika. Anayetia maji kwa kiasi atapita. Dawa ya tatizo hilo ni kuwa na namba ya kulinganishia. Mwombe mchuuzi akupeleke kwa mfugaji wake siku moja, ng'ombe wakamwe ukiona, na upime maziwa hayo. Wakaguzi wa maziwa nao hufanya hivyo wanapotilia shaka sampuli: huenda zizini na kulinganisha. Ukijua kwamba zizi hilo hutoa 30 au 31, basi 27 itakwambia jambo ambalo jedwali la kitabuni haliwezi kukwambia. Isipokuwa usipime maziwa yakiwa bado na vuguvugu la kukamwa. Kwa saa mbili tatu za kwanza yana mapovu madogo ya hewa, na mafuta yake hayajatulia, kwa hiyo husoma chini kuliko kawaida. Wachuuzi waaminifu wameshaonewa kwa sababu hiyo.

Kuna ujanja mwingine wa kuangalia. Malai ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo ukiyaengua, maziwa yanayobaki huwa mazito zaidi na laktomita hupanda hadi kwenye 35 hivi. Mjanja huengua malai akauze siagi, kisha huongeza maji hadi namba irudi 30. Laktomita itasema maziwa ni mazuri, kumbe yamepunguzwa mara mbili. Hapa sufuria inasaidia kuliko kioo. Chemsha lita moja, iache ipoe usiku kucha bila kuikoroga, kisha uangalie utando wa juu. Maziwa yenye mafuta yake yote hutoa utando mnene unaoinuka na kijiko. Yaliyoenguliwa hutoa ngozi nyembamba inayochanika. Linganisha na yale ya zizini, si na kumbukumbu ya maziwa ya utotoni, kwa sababu ng'ombe wa Friziani hutoa mafuta machache kuliko Jezi au ng'ombe wa kienyeji hata kama hakuna aliyegusa kitu.

Sukari nayo hupandisha laktomita. Kwa yale maziwa yetu ya 25.6, gramu 12 hivi za sukari kwa lita, ambazo ni kama vijiko vitatu vya chai, zinatosha kurudisha namba karibu na 30. Ulimi makini unaweza kuhisi utamu uliozidi baada ya maziwa kuchemshwa, lakini kuthibitisha kunahitaji maabara. Chumvi hufanya kazi hiyo kwa kiasi kidogo zaidi, ila ladha yake humsaliti aliyeitia.

Kupima unga

Unga wa ngano, wa mahindi au wa muhogo, vyote vina wanga, na wanga una adui mmoja anayeutambua mara moja: iodini. Ni ile dawa ya rangi ya kahawia ya kupaka kwenye vidonda, inayouzwa duka la dawa. Iodini ikikutana na wanga hugeuka bluu iliyokolea, karibu nyeusi. Maziwa yenyewe hayana wanga hata chembe, kwa hiyo rangi ya bluu haina maelezo mengine isipokuwa kwamba kuna kitu kimeingia.

Wengi hukosea kipimo hiki kwa kudondosha iodini moja kwa moja kwenye kikombe cha maziwa mabichi, wasione chochote, na kuhitimisha kwamba ni safi. Unga ambao haujapikwa hauyeyuki. Punje zake huzama chini, na iodini huzipenya kwa shida. Kwa hiyo acha maziwa yatulie nusu saa kwenye glasi, kisha uchote kwa kijiko kutoka chini kabisa. Ukiona tope jeupe limekaa hapo, tayari una dalili. Weka vijiko viwili vya maziwa hayo ya chini kwenye kisufuria, yachemke dakika moja hivi ili punje za wanga zivimbe na kupasuka, kisha yapoe kabisa. Kupoa ni sharti, kwa kuwa rangi ya bluu hupotea kwenye joto na hurudi kwenye baridi. Sasa mimina kwenye sahani nyeupe na udondoshe iodini matone matatu.

Maziwa safi yatakuwa ya njano au kahawia hafifu. Yenye unga yatageuka bluu, na kama unga ni kidogo, yataelekea kijani au kijivu. Protini na mafuta ya maziwa hunyonya sehemu ya iodini, kwa hiyo rangi ikififia haraka ongeza tone moja au mawili kabla ya kutoa hukumu. Ili usibishane na macho yako, andaa sahani mbili za kulinganishia: moja ya maziwa unayoyaamini, na nyingine ya maziwa hayo hayo yaliyochemshwa na chembe ya unga. Ukiziweka tatu kando kando, jibu huonekana hata kwa mtoto.

Angalia vyombo pia. Kijiko kilichokoroga uji asubuhi, au kisufuria kilichobaki na ukoko wa ugali, vitakupa bluu ambayo mchuuzi hahusiki nayo. Na maziwa yaliyotiwa iodini humwagwa. Hayarudi kwenye sufuria wala hayapewi paka.

Kupima dawa za kuzuia kuchacha

Hapa ndipo penye hatari kubwa na vipimo vya nyumbani vilivyo dhaifu zaidi. Vitu vinavyotajwa sana ni vitatu. Magadi soda hayaui vijidudu. Hupunguza tu uchachu, ili maziwa yaliyoanza kuharibika yasikatike yakichemshwa. Haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu, huua vijidudu na kuongezea maziwa saa kadhaa. Fomalini, maji yanayotumika kuhifadhia maiti, hutunza maziwa kwa muda mrefu zaidi na ndiyo mbaya kuliko zote: kemikali iliyomo, fomaldihaidi, imeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Usijaribu kuzitambua kwa kunusa. Kiasi kinachotumika kwenye dumu ni kidogo, na harufu ya maziwa huifunika. Anza na kipimo kisichogharimu kitu, yaani muda. Maziwa mabichi yana vijidudu vyake, na katika joto la Dar es Salaam la nyuzi 28 hadi 30 hayawezi kukaa salama siku nzima nje ya jokofu. Weka nusu kikombe cha maziwa mabichi kwenye glasi safi, funika, na uandike saa. Yanatakiwa kuwa yamechacha au kuganda kufikia kesho yake asubuhi. Yakiwa bado na harufu ya maziwa mapya baada ya saa 24, na yakichemka bila kukatika, kuna sababu ya kuuliza. Kipimo hiki ni cha pwani na nyanda za chini. Njombe au Makete wakati wa baridi, maziwa safi huweza kulala mezani bila kuchacha. Hakikisha pia kwamba mchuuzi hakuuzii maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, kwani hayo nayo huchelewa kuchacha.

Kipimo cha pili ni cha mtindi, na ndicho chenye maana zaidi. Chemsha kikombe cha maziwa unayoyatilia shaka na kikombe cha maziwa ya pakiti au ya zizini, kila kimoja peke yake. Yapoe hadi kidole kivumilie bila kuungua, kisha utie kijiko kimoja cha mtindi mzuri katika kila kikombe. Funika vyote viwili, uviweke mahali pa joto usiku kucha. Cha kulinganishia kikiganda vizuri na kile cha mchuuzi kikabaki majimaji, basi ndani yake mna kitu kinachozuia bakteria wa mtindi kufanya kazi yao.

Kitu hicho huenda si cha mchuuzi. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibiotiki hutoa dawa hiyo kwenye maziwa kwa siku kadhaa, na mfugaji anatakiwa kuyamwaga hadi muda ulioandikwa kwenye chupa ya dawa uishe. Kipimo cha mtindi hakitofautishi antibiotiki na fomalini. Kwako wewe unayenunua, tofauti hiyo haibadilishi uamuzi: maziwa yanayokataa kuganda si ya kumpa mtoto. Kina pia upande wake wa udhaifu, maana peroksaidi huvunjika kwa moto, na maziwa yaliyotiwa kidogo yanaweza kuganda kama kawaida baada ya kuchemshwa. Ndiyo sababu kipimo cha glasi, kinachotumia maziwa mabichi, kiende pamoja nacho.

Magadi soda hutambulika kwa karatasi za kupimia pH, zile zenye rangi nyingi na namba kwenye kifuniko. Karatasi ya litimasi ya rangi mbili haitoshi, kwa kuwa tofauti tunayoitafuta ni ndogo. Maziwa mapya huwa na pH ya 6.6 hadi 6.8. Yakianza kuchacha hushuka chini ya 6.5. Yakisoma 7 na zaidi, ama yametiwa magadi, ama ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, ambao nao hupandisha namba hiyo. Nunua karatasi zinazosoma kwa nusu nusu au chini ya hapo; zinazoruka kutoka 6 hadi 7 hazitakusaidia.

Huenda umesikia kuhusu kipimo cha fomalini kinachotoa pete ya zambarau. Ni kipimo cha kweli cha maabara, lakini hutumia asidi ya salfyuriki iliyokolea, ambayo huchoma ngozi na kupofusha macho. Hakina nafasi jikoni. Ukishuku fomalini, acha kutumia maziwa hayo, weka sampuli ya mabichi kwenye chupa safi ndani ya jokofu, andika tarehe, saa na mahali ulikonunua, kisha umwone afisa afya wa kata au halmashauri. Kwa Tanzania, usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu 2019, na Bodi ya Maziwa husimamia biashara yenyewe. Nchini Kenya kazi hiyo iko kwa Bodi ya Maziwa ya huko. Maabara zao zina uwezo ambao laktomita haina. Mojawapo ya vipimo vyake hutazama kiwango cha kuganda kwa baridi. Maziwa halisi huganda karibu na nyuzi 0.54 chini ya sifuri, na maji yakiongezwa, hata kidogo ambacho laktomita hukikosa, kiwango hicho husogea kuelekea sifuri.

Kuyasoma majibu kwa pamoja

Namba ya laktomita ikishuka na iodini ikabaki ya njano, huenda ni maji tu. Kabla ya kumkabili mtu, rudia kipimo siku nyingine ukiwa umesahihisha joto, kwa sababu povu au maziwa ya moto yanaweza kukupa namba hiyo hiyo. Laktomita ikiwa nzuri lakini utando wa usiku ni mwembamba, fikiria malai yaliyoenguliwa. Iodini ikigeuka bluu, hakuna haja ya kusubiri kipimo kingine, kwani unga hauingii kwenye maziwa kwa bahati mbaya. Na maziwa yanayopita vipimo vyote hivyo lakini hayachachi wala hayagandi, hayo ndiyo ya kuacha mara moja, hata kama ni mazito, meupe na ya bei nafuu.

Usipime kila siku. Utachoka na utaacha. Kwa mchuuzi mpya, fanya laktomita na iodini mara ya kwanza, na glasi na mtindi ndani ya wiki hiyo. Baada ya hapo, laktomita mara moja moja, kwa siku asizozitarajia, inatosha. Mwambie wazi kwamba unapima na umwonyeshe namba, naye ataweza kuipeleka kwa anayemletea. Mchuuzi mwaminifu hunufaika pia, kwa kuwa akijua dumu lilifika likiwa 26 ana hoja ya kudai maelezo kabla hajalaumiwa mtaani.

Maziwa yakipita vipimo vyote, yachemshe bado. Hakuna kati ya vipimo hivi kinachoona vijidudu vya brusela, kifua kikuu au homa ya matumbo, na hivyo vinaweza kuwemo kwenye maziwa ambayo hayajatiwa tone la maji. Moto utavimaliza. Unga, antibiotiki na fomalini, moto hautakuondolea. Kwa hivyo kazi yake ni kulipitisha dumu, au kulikataa, kabla hujalipa.